Jinsi Nilivyoitungia Hadithi Fupi Picha ya Babu na Bibi

Picha yenyewe ni ya mraba, nyeusi na nyeupe, na inawaonyesha babu na bibi wamesimama mbele ya duka lao. Nilipoamua kuitungia hadithi fupi, nilijiwekea sharti la kutomuuliza ndugu yeyote habari zake mpaka rasimu ikamilike, kwa sababu masimulizi ya familia huja yakiwa yamekwisha kupangwa, na mwandishi anayeyasikia mapema huishia kuwa karani wake.

Nilianza kwa kuisoma picha kama ushahidi. Niliipitisha kwenye skana kwa nukta 1200 kwa kila inchi, kisha nikaikagua kwenye kompyuta kipande kwa kipande, nikianzia pembeni, mahali ambapo mpiga picha hakukusudia kuonyesha kitu. (Ukiikuza kupita kiasi zitajitokeza chembechembe za filamu, nazo ni hodari wa kujifanya sura za watu, hapo ni heri kurudi nyuma.) Vivuli vyao vilikuwa vifupi, vimejikusanya miguuni, ishara ya jua la utosini. Hata hivyo ubawa mmoja wa mlango ulikuwa umefungwa, na bibi alishika funguo mkononi. Babu hakuitazama kamera, alizitazama funguo.

Hapo nikapata swali la hadithi: kwa nini duka lifungwe mchana, saa za wateja? Nguo zao, ndara za babu na rangi ya ukuta vingeweza kunipa maelezo mazuri ya kurasa kadhaa, lakini maelezo hayasukumi kisa. Kinachokisukuma ni mambo mawili yasiyopatana, na hapa yalikuwa jua na mlango.

Lililobaki lilikuwa ni nani asimulie. Jibu lilikuwa kwenye kioo cha dirisha la duka, ambamo umbo la mpiga picha lilionekana hafifu, ameinamisha kichwa juu ya kisanduku alichokishika usawa wa kiuno. Kamera za aina hiyo hutazamiwa kutoka juu, na nyingi kati yake zilitoa picha za mraba. Kwa kuwa lenzi iko chini, watu huonekana warefu kuliko walivyo, jambo lililoeleza ule ukubwa wa bibi ambao sikuwahi kuuelewa. Muhimu zaidi, taswira inayoonekana kwenye kioo cha juu cha kamera hiyo huwa imegeuzwa, ya kushoto ikawa kulia. Mtu anayewatazama watu wawili kwa njia hiyo anawaona na papo hapo hawaoni. Nikamkabidhi usimulizi, nikamfanya kijana wa mtu aliyekuja siku hiyo kulinunua duka, nikaandika hivi:

"Nilimwomba mama asogee kidogo upande wangu wa kushoto. Alisogea, nami kwenye kioo nikamwona akienda kulia, na funguo zikiwa kama zimehamia mkono wake wa pili. Niliinua macho ili nihakikishe. Ndipo nilipomwona mzee, na nikatamani nisingeinua."

Kuinua macho huko ndiko kunakoigeuza hadithi. Kabla yake kijana anashughulika na mwanga na umbali tu. Baada yake anajua kwamba mzee hajaambiwa kuwa mkewe amekwisha kukubali bei. Kwa kuwa msimulizi ni mgeni, sikulazimika kueleza ndoa yao ilivyokuwa, wala duka lilivyoanza. Hadithi nzima huchukua muda ule ule wa kuwapanga watu wawili mbele ya mlango, na kila habari ya nyuma ambayo kijana asingeweza kuijua niliifuta, hata zile nilizozipenda. Sikumalizia kwa mlio wa kamera, maana msomaji huuona mwisho huo ukija tangu mstari wa kwanza. Nilimalizia kwa mabishano mafupi kuhusu nani aufunge ubawa wa pili.

Rasimu ilipokamilika nilimpelekea shangazi, ambaye aliisoma yote bila kusema neno, kisha akanieleza kwamba duka halikuuzwa kamwe. "Siku ile walifunga ili wahesabu mali, mwanangu," alisema, "na baba alitazama funguo kwa sababu kila mara mama alikuwa akizipoteza." Maelezo yake yanakubaliana na picha kuliko yangu, lakini hayana mtu anayeficha jambo, kwa hiyo mauzo nikayaacha yalivyo. Nilichobadilisha ni majina ya wahusika na maandishi ya kibao cha duka, ili jirani wa zamani asije akadhani babu aliwahi kufilisika. Shangazi aliridhia kwa sharti kwamba maneno "kisa cha kweli" yasiandikwe popote juu ya hadithi hiyo.