Jiko langu la mita 2.4 kwa 1.8 nilivyolipanga kwenye karatasi

Kabla fundi hajaja kumwaga zege la meza, nilichukua daftari la miraba nikaamua kila mraba ni sentimita 10. Jiko letu likawa miraba 24 kwa 18. Kitu cha kwanza kuchora kilikuwa mlango, pamoja na robo duara unayochora ukifunguka kwa ndani, maana hapo hapawezi kukaa kitu. Kisha nikaweka bomba la maji, lililo kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Hilo sikutaka kulihamisha, kuvunja ukuta ni gharama.

Friji, sinki na jiko la gesi nilivikata kwenye karatasi ya boksi kwa vipimo hivyohivyo, nikawa navisogeza juu ya mchoro. Kwenye kila mpangilio nilipika wali kwa penseli, nikichora mstari wa kila hatua: mchele kutoka kwenye ndoo, sinki kuuosha, kisha jikoni, kitunguu kutoka friji, sinki, ubao wa kukatia, jikoni. Mpangilio wa zamani, jiko likiwa karibu na mlango na friji sebuleni, ulitoa mistari inayokatana kila upande.

Mpangilio ulioshinda umefuata ukuta mmoja. Kutoka mlangoni ni friji sentimita 60 pamoja na nafasi yake ya kupumua, sinki 50, meza ya kukatia 60, na jiko 70 upande wa dirisha. Ukuta wa pili una rafu nyembamba za sentimita 30, ndoo ya mchele ikitazamana na sinki. Njia ya katikati inabaki sentimita 90.

Kutoka friji hadi sinki, sinki hadi jiko, na kurudi friji, jumla ni kama mita 3.5. Wachoraji wa majiko hupendekeza mita 4 hadi 8, kwa hiyo langu ni fupi mno kwa kanuni yao. Ubaya wa ufupi ni kukosa pa kukatia, ndiyo maana zile sentimita 60 kati ya sinki na jiko sikukubali zipunguzwe, hata fundi alipotaka sinki la mabakuli mawili.

Mtungi wa gesi uko chini ya meza ya kukatia, pembeni ya moto, na pale sikuweka milango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na kabati lililofungwa huikusanya.

Mama alipouona mchoro akauliza, "Na mbuzi nitakalia wapi, mwanangu?" Kweli, kukuna nazi kunahitaji nafasi ya mtu kukaa chini na miguu yake. Nikaondoa rafu ya chini kabisa upande wa dirisha, mbuzi na kinu vikaingia humo, na yeye hukaa pale njia inapoishia, ambapo hakuna anayepita.