Nilivyomfupishia kaka hukumu ya talaka, karatasi ya kwanza niliichana

Kaka yangu ni dereva wa lori, leo yuko Horohoro kesho Segera. Talaka yake ilisomwa mahakama ya wilaya tarehe 12 Agosti 2024, akatoka pale na neno moja tu kichwani, "wamenipokonya wanangu". Nakala alivyoipata, kurasa 14, akaniletea hapa Makorora, mdogo wangu wewe umesoma, nifupishie. Mimi nina steshenari, nachapa barua za watu kutwa, basi nikajiona hakimu kabisa.

Nikaanza ukurasa wa kwanza na kalamu yangu ya njano. Nikamwandikia: matunzo laki tatu kwa mwezi, kuwaona watoto mpaka mama yao aridhie. Kaka akasoma akanyamaza mpaka chai ikapoa, halafu akauliza kwa sauti ndogo, laki tatu nazitoa wapi mimi? Usiku nikarudia kusoma, jamani nilitamani ardhi ipasuke. Kurasa nane za mwanzo zote ni wifi aliomba nini, kaka alijibu nini, mashahidi walisema nini. Nimemtisha kaka yangu na madai nikidhani ni amri! Nikaichana.

Mara ya pili nikaanza nyuma kama anayesoma msahafu, nikatafuta pale panaposema "mahakama inaamuru". Kila amri nikaiuliza: nani, afanye nini, lini, mpaka lini. Ikatoka karatasi moja tu. Watoto wote wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 4, wanakaa na mama yao. Matunzo laki moja na nusu, kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, mpaka kila mtoto afikishe miaka 18, na ada za shule ni za baba mbali na hiyo hela. Afisa ustawi wa jamii alete ripoti baada ya miezi sita, nikaandika kabisa Februari 2025 kwa wino mwekundu maana kaka kalenda yake ni ya mizigo. Rufaa Mahakama Kuu siku 45. Nikahesabu toka siku iliyosomwa, sio siku tuliyopata nakala, tusije tukajilaumu, ikaangukia tarehe 26 Septemba. Hakutaka kukata rufaa ila nimeiandika tu.

Sasa kilichonitoa jasho ni kuwaona watoto. Amri inasema baba atawachukua "kila wikendi ya pili", Jumamosi saa 3 asubuhi, awarudishe Jumapili saa 12 jioni. Mimi nikaelewa wiki hii ndio, ijayo hapana. Kaka akaelewa wikendi ya pili ya mwezi, yaani mara moja basi, na wifi naye kaelewa hivyo hivyo. Ningeandika ninavyojua mimi wangegombana mlangoni mbele ya watoto. Nikarudi kwenye sababu za hakimu, ukurasa wa 11, kumbe kaeleza kwamba mara moja kwa mwezi ni kidogo mno kwa mtoto wa miaka 4, atamsahau baba yake. Basi nikanakili maneno ya amri vile vile yalivyo, chini yake nikaandika "maana yake mara mbili kwa mwezi, soma uk. 11". Halafu tukaomba mahakama iyanyooshe, maana kifungu cha 96 cha sheria ya mwenendo wa madai kinaruhusu kurekebisha makosa ya kuteleza kalamu. Ikanyooshwa. Ilitula kama elfu ishirini hivi na nauli.

Wazee wa kahawa Barabara ya 12 walishamwambia, wewe vumilia, binti akifika miaka 7 anarudi kwako mwenyewe. Hilo liliniudhi! Sheria ya Ndoa inachosema ni kwamba mtoto chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vizuri akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Akifika 7 harudi popote. Kaka ndio aombe amri ibadilishwe, aonyeshe hali imebadilika, na mahakama itaangalia mtoto atafaidika wapi. Kwenye karatasi nikaandika "miaka 7: HAKUNA kinachotokea chenyewe".

Wakamwambia pia akinyimwa watoto azuie hela. Nikamwambia kaka thubutu, ni amri mbili tofauti, ukisusa matunzo utaitwa wewe. Ukinyimwa, andika tarehe na saa, rudi mahakamani.

Karatasi iko kwenye dashibodi ya lori, imeshaloa chai. Wiki iliyopita wifi kanipigia, wifi yangu naomba na mimi nakala, nikamwambia njoo dukani, ya kwako sikutozi.