Nilivyopokea wodi ya wazazi baada ya inchaji aliyependwa kuhama

Mama niliyempokea uinchaji wa wodi ya wazazi alikuwa amekaa pale miaka mingi, karibu kila mkunga wa pale kafundishwa kazi na yeye, wengine hata watoto wao kawazalisha yeye. Akahamishiwa mkoa mwingine, nikaletwa mimi. Hakuna aliyenigomea wala kunijibu vibaya, na shida ilikuwa hapohapo, maana kila nikisema kitu naambiwa "sawa sista" halafu hakifanyiki.

Kwenye ripoti ya asubuhi nauliza kuna mwenye la kusema, kimya, wote macho kwenye kitabu. Rosta inasema fulani yuko mchana, nikipita namkuta mwingine kabisa, wamebadilishana na mimi sijui. Siku moja nikamsikia mkunga yuko koridoni anampigia yule mama amuulize nani aingie usiku, na mimi nipo ofisini, mlango wa pili tu.

Kilichoniuma zaidi ni patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama na mapigo ya mtoto. Nilisema ijazwe uchungu ukiwa unaendelea, sio mama akishajifungua. Patografu iliyojazwa baadaye unaijua tu, mapigo ya mtoto ya kila nusu saa yamenyooka 140, 140, 138, 140, wino mmoja na mwandiko mmoja wakati katikati hapo zamu ilibadilika, na mtoto kazaliwa kachoka wakati karatasi inaonyesha mapigo mazuri mpaka mwisho. Hiyo karatasi haimsaidii mama yeyote. Nikisema, "sawa sista", kesho nazikuta zilezile.

Kuna walionishauri niandike barua za onyo. Sikukubali, kwasababu hakuna mtu aliyekataa kitu waziwazi, barua ingesema nini? Nikajipanga kwenye zamu za usiku nao, nikapokea wajawazito, nikazalisha, nikaandika ripoti kama wao. Usiku watu wanaongea. Kuna mkunga mmoja mkongwe, saa 9 usiku tunakunywa chai akaniuliza taratibu, "Mwanangu, zile ofu zetu sasa anazijua nani?"

Kumbe yule mama alikuwa na kidaftari. Wodi ina watu wachache, mtu akiitwa siku yake ya mapumziko kuziba pengo anaandikiwa deni la ofu, atalipwa wodi ikipumua. Hakikuwepo kwenye makabidhiano, nilikabidhiwa vifaa, funguo na leja ya dawa basi. Kwahiyo watu wanadai siku zao, hawajui kama mgeni atazitambua, na kuja kudai kwa mgeni wanaona aibu, ndo maana wakawa wanabadilishana kimyakimya wajilipe wenyewe.

Nikampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wanangu wazima?" Nikamweleza, akatafuta kidaftari akanitumia picha Wasapu usiku huohuo. Mmoja anadai siku 6, mwingine 4, na kuna makubaliano ambayo hayakuandikwa popote, kama yule asiyepangwa usiku kwasababu ana mtoto mgonjwa. Nikamwomba jambo moja tu, wakikupigia kuhusu kazi waambie waniulize mimi. Akakubali, na alifanya kweli, maana simu zangu zilianza kuita.

Nikaenda kwa metroni kwanza nisije nikaahidi nisichoweza. Kulipa zote kwa mkupuo haiwezekani, wodi ingebaki tupu, tukakubaliana wanaodai nyingi waanze, wawili kila mwezi. Nikaandika madeni yote kwenye karatasi nikabandika pembeni ya rosta kila mtu aone la kwake na la mwenzake, na kubadilishana zamu ruksa ila mnaandika wote wawili. Sio kila kitu nilikibeba kama kilivyo. Kuna mmoja alisamehewa usiku kwasababu ya mtoto mdogo, na huyo mtoto sasa hivi yuko bweni sekondari. Nilimwita pembeni, sio mbele za watu, nikamwambia mwezi ujao unaingia usiku kama wenzako. Alinuna. Aliingia.

Patografu nilizirudia baada ya watu kuanza kulipwa ofu zao, na safari hii sikuhubiri. Nilihamisha makabidhiano ya zamu kutoka mezani kwenda kitandani, anayeingia anashika patografu anasoma kwa sauti mapigo ya mwisho na saa yalipopimwa, halafu anapima yeye mwenyewe hapohapo. Kama mstari haujajazwa kila mtu anauona, na mwenzako hawezi kukubali kupokea mama ambaye hajapimwa masaa matatu, likitokea la kutokea liwe lake. Karatasi zikaanza kuwa chafuchafu, namba zinapanda na kushuka, mara 132 mara 150, wino tofauti, na hivyo ndo inavyotakiwa.

Aliyenuna mpaka leo tunasalimiana tu basi. Lakini yeye ndo aliyeniita usiku mapigo yaliposhuka mpaka 100 na hayapandi, daktari akaitwa mapema, mama akaingia tieta, mtoto akalia.