Nilivyolinganisha bubble, merge na quick sort kwa kalamu na karatasi

Slaidi nyingi za somo la algorithimu zina jedwali lilelile: bubble sort O(n²), merge sort O(n log n), quick sort O(n log n), na chini yake kwa maandishi madogo, neno kuhusu hali mbaya zaidi. Maandishi hayo madogo ndiyo yenye kazi. Hapa Moshi, nikiandaa mfano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niliachana na jedwali nikachukua namba nane za mfano, tuseme kilo za kahawa za wakulima wanane kwenye daftari la chama cha msingi:

38, 12, 45, 7, 29, 51, 20, 33

Nilihesabu kitu kimoja tu. Kila namba mbili zinapolinganishwa, naweka alama moja pembeni. Kubadilishana nafasi nilikuwekea safu yake, kwa sababu ukichanganya hivi viwili hutajua tena algorithimu ipi imefanya kazi gani.

Bubble ndiyo rahisi kuifuata. Raundi ya kwanza inapita jozi saba, na mwisho wake 51 imefika kulia kabisa: 12, 38, 7, 29, 45, 20, 33, 51. Raundi ya pili ina alama sita, ya tatu tano, ya nne nne. Baada ya raundi ya nne orodha imeshapangika, lakini kompyuta haijui hivyo mpaka ipite raundi nzima bila kubadilisha chochote. Kwa hiyo kuna raundi ya tano yenye alama tatu. Jumla ni alama 25, na mabadilishano 13. Hayo 13 yana njia nzuri ya kuhakikiwa: hesabu jozi zote ambazo namba kubwa iko kushoto kwa ndogo kwenye orodha ya mwanzo. Kwa mfano 38 inazitangulia 12, 7, 29, 20 na 33, hizo ni tano. Ukimaliza zote lazima upate 13. Ukipata tofauti, kuna raundi umeikosea.

Merge inaanza kwa kukata mpaka kila namba ibaki peke yake, na kukata hakuna alama yoyote. Gharama iko kwenye kurudi. Jozi nne za kwanza zinakula alama nne na kutoa 12 38, 7 45, 29 51 na 20 33. Kuunganisha 12 38 na 7 45 kunakula tatu, upande wa pili tatu vilevile, na tunabaki na 7 12 38 45 kwa 20 29 33 51. Hapa wengi huandika alama nane kwa sababu namba ziko nane. Ni saba. 51 inapobaki peke yake haina wa kulinganishwa naye, inashushwa tu. Jumla ni alama 17, na kwa namba nane merge haiwezi kuzidi hapo hata uzivuruge vipi. Inachodai ni nafasi ya pembeni: kila ngazi inaandika namba zote nane kwenye orodha nyingine, na ngazi ziko tatu.

Quick niliifuata kwa msimbo ambao slaidi nyingi hutumia, pivoti, yaani namba inayogawa ndogo kushoto na kubwa kulia kabla kila upande haujagawanywa tena vilevile, ikiwa namba ya mwisho:

```python
def gawa(A, lo, hi):
    p = A[hi]
    i = lo
    for j in range(lo, hi):
        if A[j] <= p:
            A[i], A[j] = A[j], A[i]
            i += 1
    A[i], A[hi] = A[hi], A[i]
    return i
```

Pivoti ya kwanza ni 33. Inalinganishwa na zote saba zilizobaki, na mgawanyo unatoka hivi: 12, 7, 29, 20, 33, 51, 38, 45. Tazama kwamba kushoto na kulia hakujapangika bado. Anayeandika 7, 12, 20, 29 hapo hafuati msimbo, anapanga kwa macho. Kuanzia sasa 33 haiguswi tena. Kushoto pivoti ni 20, alama tatu, halafu 12 na 7 alama moja. Kulia pivoti ni 45, alama mbili. Jumla 13.

Ukiishia hapo, utasema quick imeshinda kwa 13, merge 17, bubble 25. Ndipo nilipoingiza orodha ileile ikiwa imeshapangwa, jambo la kawaida sana kwenye daftari ambalo mtu alishalipanga jana: 7, 12, 20, 29, 33, 38, 45, 51.

Bubble inapita mara moja, haibadilishi kitu, inasimama: alama 7. (Hii ni pale tu msimbo unapokagua kama kuna kilichobadilika. Bila ukaguzi huo ni 28.) Merge inashuka hadi 12, kwa sababu upande wa kushoto unaisha mapema na wa kulia unashushwa wote. Quick inachukua pivoti 51, inailinganisha na saba, zote ni ndogo, kwa hiyo kushoto kuna namba saba na kulia hakuna kitu. Kisha 45 na sita, kisha 38 na tano, hadi mwisho. Jumla ni 28, yaani n(n-1)/2 kamili, zaidi ya zile 25 za bubble kwenye orodha iliyovurugika.

Kwa namba nane tofauti hii ni ya karatasi tu. Kwa namba 1,000, n(n-1)/2 ni 499,500, wakati merge haizidi 8,977 na quick kwenye orodha iliyochanganyika vizuri hufanya yapata 11,000. Ukitaka kuiona kwenye mashine, mpe quick hii namba 2,000 zilizopangwa kwenye Python. Haitakuwa polepole tu, itakufa na `RecursionError`, maana kila mwito unapunguza namba moja tu na kikomo cha kawaida cha kujiita ni 1,000.

Dawa ya kwanza ni kubadilishana namba ya katikati na ya mwisho kabla ya kugawa. Kwenye orodha iliyopangwa pivoti inakuwa 29, alama saba. Kushoto zinabaki tatu, kulia nne, na jumla inarudi 13.

Dawa hiyo haifui dafu wakulima wote wanane wakileta kilo sawa, tuseme 40 kila mmoja. Katikati ni 40, mwisho ni 40, sharti la `<=` linasukuma zote kushoto, na alama ni 28 tena. Kuweka `<` kunazihamishia kulia tu, hesabu ileile. Hapo unahitaji mgawanyo wa mafungu matatu, ndogo, sawa na kubwa, na fungu la sawa halirudiwi. Merge kwenye orodha hiyo ni alama 12, na ukitumia `<=` wakati wa kuunganisha, ukichukua wa kushoto wanapolingana, wakulima wanabaki kwa mpangilio waliofika nao. Ukiandika `<` kilo zitatoka sahihi lakini majina yatakuwa yameruka, na usipochapisha majina pamoja na kilo hutaligundua.