Nilivyoipata hesabu kutoka picha ya taarifa ya benki

Karatasi yenyewe ilikuwa imeshapotea. Nilichobaki nacho ni picha moja ya simu ya ukurasa wa taarifa ya akaunti, miamala 24, uliopigwa ukiwa mezani na mkunjo umepita katikati. Nilitaka kujua mwezi ule pesa ilikwenda wapi, kwa mafungu, na pesa iliyotoka isichanganyike na iliyoingia.

Kuandika mistari 24 kwa mkono kunawezekana, lakini nilijua kurasa nyingine zingefuata, kwa hiyo nikaamua kompyuta isome. Niliisafisha picha kidogo kwa ImageMagick, programu ya kurekebisha picha kwa amri, kisha nikaipitisha kwenye Tesseract, programu ya bure inayosoma maandishi yaliyomo kwenye picha:

```
magick ukurasa.jpg -colorspace Gray -deskew 40% -resize 200% safi.png
tesseract safi.png matokeo --psm 6 tsv
```

Ile `--psm 6` huiambia programu kwamba ukurasa mzima ni bonge moja la maandishi. Bila hiyo, mara nyingi huikata jedwali vipande na kusoma kila safu peke yake kutoka juu hadi chini, ukaishia na tarehe zote huku na kiasi zote kule. Neno `tsv` nalo ndilo lililoniokoa. Jaribio langu la kwanza lilinipa maandishi matupu, na humo mstari wa malipo na mstari wa mapato unafanana kabisa: tarehe, maelezo, kiasi, salio. Ile nafasi tupu kwenye karatasi inayoonyesha kama kiasi kimo kwenye safu ya kutoka au ya kuingia ilikuwa imemezwa. Kwa `tsv`, kila neno huja na mahali lilipo: `left` ni ukingo wake wa kushoto, `width` ni upana wake.

Tarakimu kwenye taarifa ya benki hupangwa zikilingana kulia, kwa hiyo ukitazama ukingo wa kushoto peke yake utadanganyika: 6,000.00 huanzia mbali na 12.50 ingawa zimo safu moja. Nilijumlisha `left` na `width`, nikaona namba zinajikusanya penye vituo vitatu: karibu na 1,480 zilizotoka, karibu na 1,890 zilizoingia, na karibu na 2,330 salio. Nikachora mipaka katikati ya vituo, 1,685 na 2,110, nikaigawa miamala kwenye lahajedwali: safu ya A tarehe, B maelezo, C iliyotoka, D iliyoingia, E salio. Mstari wa pili niliuachia salio lililoletwa kutoka ukurasa uliotangulia, 4,120.50.

Hapo ningeweza kuridhika, maana jedwali lilipendeza kwa macho. Lakini taarifa ya benki hubeba msahihishaji wake ndani yake, nalo ni salio linaloandikwa kila mstari. Salio la juu, ukitoa kilichotoka na kuongeza kilichoingia, lazima lizae salio la mstari huo. Nikaweka fomula hii kwenye F3 na kuiburuta hadi chini:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

`ROUND` ipo kwa sababu lahajedwali hubakiza vijisenti vya uongo katika desimali, na pasipo hiyo mstari sahihi unaweza kukataa kuwa sifuri.

Mistari 18 ilitoa sifuri. Mitano ilikataa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia: tofauti yenyewe husema kosa ni la aina gani.

Wa kwanza ulitoa -500. Malipo yalisomwa 1,850.00, lakini salio lilishuka kutoka 16,358.00 hadi 15,008.00, yaani 1,350.00. Tofauti iko kwenye tarakimu moja tu, ya mamia: 3 imesomwa 8. Nilikuza picha, kweli ni 3 yenye wino uliovujia pembeni.

Wa pili ulitoa -1,480.00. Nilihangaika nao hadi nilipougawa kwa mbili na kupata 740.00, kiasi kilekile cha mstari huo. Tofauti ikiwa mara mbili ya kiasi, kiasi kimewekwa upande usio wake. Salio lilikuwa limepanda kutoka 15,008.00 hadi 15,748.00, kwa hiyo pesa iliingia, nami nilikuwa nimeiweka kwenye iliyotoka. Chanzo kilikuwa picha yenyewe. Niliipiga huku simu ikiwa imeinama, ukurasa ukawa mwembamba upande wa chini, na safu ya kulia ikateleza kuelekea kushoto hadi ikavuka mpaka wangu wa 1,685. Ile `-deskew` hunyoosha ukurasa uliozunguka tu. Ulioinama hivi haiwezi kuunyoosha. Siku hizi ninapiga kwa programu ya simu inayokamata pembe nne za karatasi na kuzivuta ziwe mstatili, na tatizo hilo sijaliona tena.

Wa tatu na wa nne walifuatana: 5, kisha -5. Mmoja unazidi, wa chini yake unapungua kwa kiasi kilekile. Hiyo ni dalili kwamba kiasi kiko sawa ila salio lililo kati yao limesomwa vibaya, kwani salio moja hutumika mara mbili. 12,948.00 ilikuwa imesomwa 12,943.00.

Wa tano ulitoa 15.00, na hakuna namba ya mstari huo iliyoonekana mbaya. Nikahesabu mistari: jedwali lilikuwa na 23, picha ina 24. Mmoja ulikuwa umemezwa na mkunjo, ada ndogo ya benki ya 15.00. Kama mkunjo ungemeza mistari miwili iliyofuatana, tofauti ingenipa jumla yake tu, na kuigawanya ningelazimika kubahatisha.

Baada ya F yote kuwa sifuri ndipo nilipogusa mafungu. Hili lilikuwa jepesi: orodha fupi ya maneno yanayojirudia kwenye maelezo, na fungu la kila neno. Ila mistari miwili nusura initie hasarani. Ile 740.00 iliyoingia haikuwa pato. Ni muuzaji aliyenirudishia pesa ya bidhaa. Niliiacha kwenye safu ya iliyoingia, lakini nikaipa fungu la manunuzi, ili ipunguze manunuzi isinenepeshe mapato. Na 2,800.00 iliyotoka ilikwenda kwenye akaunti yangu mwenyewe ya akiba. Hiyo niliiita uhamisho, wala sikuihesabu kama matumizi.

Tofauti si ndogo. Ukijumlisha safu bila kufikiri, ziliingia 19,340.00 na zikatoka 14,043.50, na salio la mwisho linakuja 9,417.00 kama lilivyoandikwa chini ya ukurasa. Lakini pato langu lilikuwa mshahara tu, 18,600.00, na matumizi halisi 10,503.50. Namba hizo zote nne ni za kweli. Mbili za kwanza zinajibu swali la benki, mbili za mwisho langu.

Mistari mitatu ilibaki bila fungu, maelezo yake yakiwa namba za kumbukumbu tu. Niliiweka chini ya "haijulikani" badala ya kuisukumia popote. Mke wangu alitazama tarehe, akautambua mmoja papo hapo. Miwili bado iko palepale.