Namba Nne

Agosti 2014 nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu chuoni na mfukoni sina kitu, kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba wanatafutwa wadadisi wa kwenda vijijini mkoani Dodoma, sikuuliza utafiti unahusu nini. Niliuliza posho ni kiasi gani kwa siku.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shirika moja lililochimba kisima kirefu na kujenga vituo vya kuchotea maji katika vijiji kadhaa. Walitaka kujua kama mradi umefanikiwa. Tulipewa mafunzo ya siku moja, tukagawiwa fulana za bluu zenye nembo ya mradi mgongoni, na kila mmoja akakabidhiwa dodoso la kurasa sita. Nililipitia usiku ule kwa tochi ya simu nikaliona liko sawa. Nakiri hivyo kwa sababu baadaye nimewasikia watu wakizungumza kana kwamba dodoso bovu hujitangaza lenyewe. Halijitangazi. Lile lilikuwa limechapwa vizuri, lina namba na visanduku, na lugha yake ni ya heshima.

Swali la 14 lilisomeka hivi: “Je, unakubaliana kwamba mradi wa maji umewapunguzia kina mama mzigo wa kutembea mbali na umeboresha afya ya familia yako?” Majibu: Ndiyo, Hapana. La 15 likauliza umeridhika kwa kiwango gani na huduma, na chini yake visanduku vinne: Nimeridhika sana, Nimeridhika, Nimeridhika kiasi, Sijaridhika.

Kwa siku nne nilihoji kaya 34. Katika kaya 32, jibu la swali la 14 lilikuwa ndiyo. Nilifurahi, kazi ilikwenda haraka, dakika ishirini nyumba imekwisha. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akitutangulia, anapiga hodi, anasema, “Wageni wetu wa maji hawa,” kisha anakaa pembeni kwenye kigoda akisubiri tumalize.

Siku ya tano mwenyekiti alikuwa na msiba, nikaenda peke yangu. Nyumba ya pili ilikuwa ya bibi mmoja, yuko uani anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanivutia kigoda. Tulikwenda vizuri mpaka swali la 14. Nikamsomea. Akanyamaza, akatazama fulana yangu, halafu akaniuliza taratibu:

“Mwanangu, wewe unataka nijibu nini?”

Nikamwambia ajibu anavyoona.

“Ninavyoona, kutembea tumepunguza. Afya sijui. Sasa hapo niseme ndiyo au niseme hapana?”

Sikuwa na kisanduku cha hilo. Swali moja lilikuwa limebeba maswali mawili, na yeye alikuwa na jibu la nusu. Nikafanya nilichokuwa nimekifanya siku zote nne bila kujitambua: nikamsaidia. “Kwa ujumla, bibi?” Akacheka. “Haya, andika ndiyo. Mmetoka mbali.”

Nikaandika ndiyo. Kalamu ilipotoka kwenye karatasi nikaona nyuma yake, ukutani, ndoo mbili zilizofunikwa kwa sahani. Nikamuuliza, nje ya dodoso kabisa, haya maji ni ya bombani? Hapana, akasema, ni ya mchangani. Mjukuu wake aliyachota alfajiri kwenye visima vya kufukua katika mto mkavu, mwendo wa zaidi ya nusu saa. Kituo cha mradi kilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake.

“Mbona hamchoti pale?”

“Yale ya kufulia. Ukipikia makande, kuni zinakwisha na kunde ziko vilevile.”

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Dodoma ni magumu. Yana madini ya kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo hung’ang’ania kwenye ganda la punje yakalizuia kulainika. Jambo lile lilikuwa linajulikana na kila mpishi wa kijiji kile. Katika kurasa zetu sita hapakuwa na mahali pa kuliandika.

Kesho yake nilivua fulana, nikavaa shati langu, nikaenda mtoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niliwakuta kina mama kumi na kitu wakisubiri maji yajae kwenye vishimo, mmoja akichota kwa kibuyu kilichokatwa, kidogo kidogo, asilitibue tope. Sikuwa na karatasi. Nilikaa, nikauliza tu habari za maji, nikanyamaza. Habari ya makande ikajitokeza tena, halafu nyingine ambayo sikuitarajia: kituo cha mradi kilifunguliwa saa tatu asubuhi, mlinzi akishapata chai, na wao saa kumi na mbili wanatakiwa wawe njiani kwenda shamba. Shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20 hawakuilalamikia sana. Mimi ningeapa kwamba bei ndiyo tatizo, na kama ningepewa niandike swali jana yake ningeandika, “Je, bei ya maji ni kubwa mno?” na wengi wangenijibu ndiyo, kwa adabu ileile.

Nilirudi na jeuri. Nikamwambia msimamizi wetu kwamba takwimu zote ni uongo, ukweli uko mtoni. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa utafiti chuoni, aliyeajiriwa kusimamia tu na si kutunga maswali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: “Uliokutana nao mtoni, wangapi wanatumia maji ya mtoni?”

Wote, nikasema.

“Na ungekwenda kituoni saa nne ungekutana na kina nani?”

Nikaelewa kabla hajamaliza. Wale kina mama walikuwa wamenipa sababu, lakini hawakuweza kuniambia ni kaya ngapi kijijini zina sababu hiyo. Ukihoji watu kisimani utapata wapenda kisima. Utafiti wa kimaelezo, ule wa kukaa na kuwasikiliza watu, ulikuwa umenionyesha kitu ambacho dodoso halikukifikiria. Kukihesabu ilikuwa kazi ya dodoso, ila si lile.

Jioni ile, chini ya mwarobaini wa nyumba ya wageni, alituhadithia jaribio la Mmarekani Donald Rugg, lililochapishwa mwaka 1941. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadhara za kupinga demokrasia, kundi jingine kama izikataze. Kwa hesabu ya waliotoa jibu, asilimia 75 walisema zisiruhusiwe, lakini ni asilimia 54 tu waliosema zikatazwe. Kutoruhusu na kukataza, mwisho wake ni uleule. Neno moja limebadilika, na watu ishirini na moja katika kila mia wamehama. “Sasa ninyi,” akasema, “hamkubadilisha neno moja. Mmeanza na ‘unakubaliana kwamba’, mkavaa fulana ya mradi, mkaongozana na mwenyekiti.” Akachukua kalamu nyekundu, akaonyesha pia visanduku vya swali la 15: vitatu vya kuridhika, kimoja cha kutoridhika. Aliyekerwa kidogo hana pa kukaa. Anasukumwa kwenye “Nimeridhika kiasi”, na kwenye ripoti anahesabiwa pamoja na walioridhika.

Wenye mradi hawakupenda kusikia haya, na sikushangaa. Dodoso lilikuwa limeshaidhinishwa na wakubwa zao. Msimamizi hakubishana nao. Aliomba siku mbili na kaya 40, kitongoji kimoja.

Tulichukua daftari la wakazi, tukaanzia jina la tatu, tukaruka kila baada ya majina matano. Kaya ya kwanza dodoso la zamani, ya pili jipya, ya tatu la zamani, hivyo hivyo, ili asiwepo wa kusema tumechagua wenye manung’uniko. Fulana zilibaki kwenye begi na mwenyekiti tuliomba atusindikize mpaka barabarani tu. Katika dodoso jipya swali la 14 lilikufa. Mahali pake tuliuliza: “Jana, maji ya kupikia hapa nyumbani yalichotwa wapi?” bila kusoma majibu. Halafu: “Nani aliyachota?” na “Alitoka saa ngapi?” Kama jibu halikuwa kituo cha mradi, tuliuliza kwa nini, tukaandika maneno yao kama walivyoyatamka.

Siku ya jana ina faida yake. Mtu haulizwi yeye ni mtu wa namna gani, anaulizwa alichofanya, na hana haja ya kumpendezesha mgeni. Hata tafiti kubwa za afya hufanya hivyo kwa vyandarua: haziishii kuuliza kama mnacho, huuliza nani alilala ndani ya chandarua hiki usiku wa kuamkia leo.

Katika kaya 20 za dodoso la zamani, 18 zilisema ndiyo, mradi umewasaidia kwa yote mawili. Katika 20 za dodoso jipya, saba ndizo zilizopikia maji ya mradi jana yake. Niliruka kwa furaha. Msimamizi akanikalisha tena chini. Kaya ishirini, alisema, hazitoshi kukuambia kijiji kizima kikoje. Zinatosha kukuambia kwamba swali la kwanza lilikuwa linapima adabu. Na hii ni Agosti, akaongeza, mto ni mkavu na maji ya mchangani ni safi. Uliza Februari mvua zikinyesha uone.

Wenye mradi walikubali, shingo upande. Zile sababu tulizoandika kwa maneno ya watu tulizipanga usiku kucha, zinazofanana pamoja, mpaka zikawa orodha fupi yenye namba: moja, kituo hufunguliwa kwa kuchelewa, mbili, foleni, tatu, bei, nne, chakula hakiivi. Tano tukaacha wazi, “nyingine, taja”. Dodoso likarudishwa kwenye vijiji vyote, na madodoso yangu 34 ya mwanzo, pamoja na la bibi, yakafungwa kwa kamba yakawekwa kando.

Nilimpitia siku ya kuondoka. Nilimkuta palepale uani, safari hii anapeta uwele. Nikamwambia kwamba lile jibu lake la ndiyo tumelifuta.

“Na makande mmeandika?”

“Tumeandika, bibi. Ni namba nne.”

Akasimamisha ungo, akafikiri. “Namba nne,” akasema, “ni nyingi au ni kidogo?”