Siku moja maishani mwangu: siku ya kufunga semina ya sumukuvu, Kibaigwa

Saa 12 asubuhi. Chai bado, nimeshatandaza karatasi za bango kitita za siku mbili kitandani nazisoma. Leo ndo siku ya tatu, jioni nafunga semina ya wakulima wa mahindi kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Maneno ya kufunga huwa siyaandiki mapema, nasubiri nisikie asubuhi wameondoka na nini.

Saa 2 na nusu. Nawaambia kila mtu amgeukie jirani yake amweleze sumukuvu kama anavyomweleza mke au mume wake nyumbani, mi napita katikati nasikiliza tu. Na hapo ndo nikapata kazi ya leo maana meza tatu nzima zilikuwa zinasema ukipika ugali ukaiva vizuri sumu inaisha. Haiishi. Ukungu unaweza kufa kwa moto ila sumu yenyewe inabaki, na hata ukipukuta mahindi ukungu ukatoka bado haimaanishi sumu imetoka. Nikaandika pembeni, hilo lazima nilirudie mwisho.

Saa 4. Tunarudia kipimo cha chumvi: chupa kavu yenye kifuniko, mahindi kama robo chupa, chumvi iliyoanikwa vijiko viwili vitatu, unatikisa dakika nzima alafu unaacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi. Mzee mmoja chupa yake ikawa safi akasema haya mwalimu, nayafungia kwenye mfuko leo leo. Tukayapima kwa mashine ya unyevu, ikasoma asilimia 14.6. Yani chumvi inakwambia tu umeshuka chini ya kama 15, na mfuko usiopitisha hewa unataka 13 au pungufu. Ukifunga kwenye 14.6 wadudu watakufa kweli kwa kukosa hewa, lakini unyevu unabaki humo humo na mahindi yanaweza kuvunda. Kwahiyo chupa ikiwa safi endelea kuanika, kisha tafuta mashine kabla ya kufunga. Mzee akasema "kumbe chupa ni ya kukataza, sio ya kuruhusu". Nimeibeba hiyo sentensi kama ilivyo.

Saa 6 mchana. Maazimio. Hapa ndo semina nyingi zinafia, watu wanaandika "tutaelimisha jamii" wanapigiwa makofi wanaenda kula. Kikundi kimoja wakaandika hivohivo, nikawauliza nani, wapi, lini, na mimi nikija nitaona nini. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, mwisho ikawa hivi: mama mwenyekiti ataweka chupa na chumvi pale mashine ya kusaga, kuanzia wiki ya kwanza ya kuvuna, na daftari la kuandika nani kapima na majibu yake. Daftari likiwa tupu tutajua halijafanyika. Wengine wakaazimia kuchangishana turubai, maana mahindi yakianikwa chini yanaokota ukungu wa kwenye udongo. Kijana mmoja alitaka kuandika kijiji kizima kitanunua mifuko, nikamwomba aandike ya kwake tu, akaandika miwili.

Saa 9. Nafunga. Nimesimama katikati yao sio mbele. Nimeanza na 2016, watu 20 walifariki kwa sumukuvu hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, na wengi humu wanakumbuka. Halafu nikasema mambo matatu tu: moto hauondoi sumu, chupa ni ya kukataza sio ya kuruhusu (nikamtaja mzee, watu wakapiga vigelegele), na punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa zichambuliwe zisipewe hata kuku, maana nao zinawadhuru. Baada ya hapo nikanyamaza, kila kikundi kikasimama kusoma azimio lake chenyewe na jina la mtu wa kuulizwa. Nikisoma mimi linakuwa la mwezeshaji, akisoma mama mwenyekiti mbele ya majirani zake litamdai mpaka mavuno. Na sikuficha kilichobaki: kupima sumu yenyewe kunahitaji maabara, hakuna tulichojifunza hapa kinachoweza kukwambia gunia hili ni salama, tumejifunza kuizuia isiingie.

Saa 11. Kusaini nauli, picha, kuagana.

Saa 2 usiku. Nimepiga picha karatasi ya maazimio nimetuma kwenye grupu la wasap pamoja na majina na wiki ya kupigiana simu, ambayo tumeiweka katikati ya kuanika, kabla mtu yeyote hajafunga mfuko, ili kama kuna mahindi ya 14 na kitu yarudi juani. Mama mwenyekiti ameshajibu: mwenye mashine ya kusaga amekubali ila anataka chupa ikae ndani ya chumba chake isivunjwe na watoto. Nimemjibu sawa mama, ila daftari likae nje watu walione.